Kikasha cha udahili msimu wa maombi: jibu la kupokea na jedwali la kufuatilia

*Habari za kazi. Mimi ni karani wa udahili katika chuo cha kati cha serikali, Tanzania. Tuko watatu na tunatumia anwani moja ya Gmail, nenosiri tunalo sote. Dirisha likifunguliwa tu, mambo yanavurugika: mwombaji mmoja anaandika mara tatu, anajibiwa na watu wawili majibu tofauti, na mwingine hajibiwi kabisa mpaka aje getini na mzazi. Tuliweka jibu la otomatiki na tukafungua jedwali la Google Sheets, lakini jedwali lilitushinda wiki ya pili. Tunakosea wapi?*

Ndugu yangu, nianze na hilo la watu kuandika mara tatu, maana sababu yake huenda imo ndani ya jibu lenu la otomatiki lenyewe.

Kipengele cha Gmail kinachoitwa `Vacation responder` hakimjibu mtu kila anapoandika. Kikishamjibu mara moja, humnyamazia kwa siku nne. Sasa jiweke mahali pa mwombaji. Jumatatu kaandika, akapata jibu papo hapo kwamba ujumbe umefika. Jumanne kakumbuka kitu, kaandika tena, kimya. Kwake yeye kimya hicho kina maana moja tu: ujumbe wa pili haukufika. Anatuma wa tatu, safari hii kwa anwani ya dada yake, na huo wa tatu unajibiwa mara moja kwa sababu Gmail inaona ni mtu mpya. Hapo mmeshapata mazungumzo mawili ya mtu mmoja, na makarani wawili watayafungua kila mmoja kivyake.

Kipengele hicho hamna haja ya kukiacha. Andikeni tu ndani ya jibu kwamba halitarudiwa. Na kabla ya yote ingieni kwenye `See all settings`, kisha `General`, mteremke hadi `Vacation responder` na kuhakikisha kisanduku cha `Only send a response to people in my Contacts` hakina alama. Kikiwa na alama, waombaji wapya hawajibiwi hata mmoja, na ofisini hakuna atakayegundua, kwa kuwa mkijijaribu wenyewe kwa anwani zenu mnajibiwa vizuri kabisa. Jaribio la kweli ni kutuma kutoka anwani ambayo haijawahi kuwaandikia.

Maneno ya jibu lenyewe ningeyaweka hivi:

> Ndugu mwombaji,
>
> Ujumbe wako umefika Ofisi ya Udahili. Huu si uthibitisho kwamba maombi yako yamekamilika, wala si barua ya kukubaliwa chuoni.
>
> Utajibiwa na afisa ndani ya siku 2 za kazi. Jumamosi, Jumapili na sikukuu hazihesabiwi.
>
> Kama hukuandika mambo haya matatu, jibu ujumbe huu uyaongeze bila kubadili kichwa chake: jina lako kamili kama lilivyo kwenye cheti, namba yako ya mtihani wa kidato cha nne pamoja na mwaka, namba ya simu unayopatikana.
>
> Ukiandika tena leo au kesho hutapata jibu hili mara ya pili, lakini ujumbe wako utakuwa umefika. Tafadhali usifungue ujumbe mpya kwa jambo lilelile.
>
> Ada ya maombi hulipwa kwa kontrol namba unayopewa na mfumo wa maombi tu. Ofisi haipokei fedha kwa namba ya simu ya mtu yeyote.

Sentensi ya kwanza ina kazi yake. Mzazi akisoma "tumepokea maombi yako" anaelewa kwamba mtoto ameshaomba, na mtoto haingii tena kwenye mfumo kumalizia fomu. Ndiyo maana nimeandika "ujumbe wako umefika" na si "maombi yako yamepokelewa". Ile ya siku 2 iandikeni kwa kadiri mnayoiweza kweli. Kama wiki ya mwisho hamwezi kupunguza siku 4, andikeni 4. Mwombaji aliyeahidiwa siku 4 akajibiwa ya tatu hasumbui mtu, lakini aliyeahidiwa saa 24 atapiga simu saa ya ishirini na tano.

Sharti la kutobadili kichwa cha ujumbe nalo si urasimu. Gmail hukusanya majibu katika mazungumzo mamoja ilimradi kichwa hakijaguswa. Mwombaji akijibu huku amebadili kichwa ili aweke namba yake ya mtihani, Gmail inafungua mazungumzo mapya na historia yote inabaki kule nyuma. Kwa hiyo namba waiweke ndani ya ujumbe wenyewe, na tangazo la chuo liwaombe kuiweka kwenye kichwa kwa ujumbe wa kwanza tu.

Mtagundua kwamba jibu hili halina namba ya kumbukumbu, nami sijaiweka makusudi. Kwanza, `Vacation responder` hutuma maneno yaleyale kwa kila mtu na haina njia ya kumpa kila mmoja namba yake. Pili, hata mngepata fundi wa kuwaandikia programu ya kugawa namba, mngejikuta mnagawa namba kwa kila anayeuliza "ada ni shilingi ngapi". Hapo ndipo, nadhani, jedwali lilipowashinda. Mlitaka kila ujumbe uwe na mstari, sivyo?

Jedwali ni la mambo yasiyoweza kumalizika leo. Mtu anayeuliza sifa za kujiunga, tarehe ya mwisho, hosteli, au kama kozi fulani ipo, anajibiwa kwa kiolezo, mazungumzo yanawekwa lebo `Imejibiwa` na kuondolewa kikashani kwa `Archive`. Hana haja ya mstari. Anayeulizia mkopo anaelekezwa Bodi ya Mikopo, naye kamalizika hapohapo. Mstari unafunguliwa pale tu jambo linapohitaji mtu mwingine au kitu kingine: mhasibu athibitishe malipo, mwombaji alete nakala ya cheti, msajili aamue, fundi wa mfumo afungue akaunti. Mkishika mpaka huo, jedwali litakuwa fupi kiasi kwamba karani anaweza kulisoma lote asubuhi kabla chai haijapoa, na jedwali linalosomeka lote ndilo linalotumika.

Sasa tulijenge. Safu ziwe hizi, kwa mpangilio huu: A namba ya kumbukumbu, B tarehe ujumbe ulipofika, C jina kama lilivyo kwenye cheti, D namba ya mtihani, E simu, F jambo, G hali, H mhusika, I tarehe ya kufuatilia, J hatua ya mwisho, K ufunguo.

Safu A ijazeni kabla ya msimu: U0001, U0002, U0003, mburute chini hadi U0800 au zaidi, kama maandishi ya kawaida. Msitumie fomula ya `ROW()`. Siku mtu akipanga jedwali upya kwa tarehe, fomula hiyo inahesabu tena toka juu, na yule mliyemwambia "wewe ni U0137" anageuka kuwa U0052. Msiweke kistari katikati ya namba pia. U0137 ni neno moja na ukilitafuta Gmail linakuja lenyewe. Karani anayechukua mstari mpya aandike jina lake kwenye safu H kwanza, kabla ya kitu kingine chochote, ili mwenzake aliyefungua jedwali wakati huohuo aone mstari umeshachukuliwa.

Safu B ni saa ujumbe ulipoingia kikashani, si saa karani alipoufungua. Hili lina uzito siku ya mwisho. Ujumbe ulioingia saa tano na nusu usiku wa siku ya kufunga dirisha, mkaufungua asubuhi yake, umewahi. Mkiandika tarehe ya kuufungua mtakuwa mmemchelewesha mtu kwa kalamu yenu.

Safu D na E zipangeni kuwa maandishi matupu kupitia `Format`, `Number`, `Plain text`, kabla hamjaandika chochote. Bila hivyo Google Sheets inaichukua 0712… kuwa tarakimu na kuitupa sifuri ya mbele. Hilo ni dogo, karani ataikumbuka sifuri. Kubwa ni tarehe. Jedwali likiwa limefunguliwa kwa mpangilio wa Marekani, 7/8 inasomwa Julai 8 badala ya Agosti 7, na fomula zote za kuchelewa zinadanganya bila kuonyesha kosa lolote. Nendeni `File`, `Settings`, mbadilishe `Locale` iwe nchi inayoanza na siku.

Ufunguo wa kumtambua mtu uwe namba ya mtihani wa kidato cha nne, kamwe usiwe anwani ya baruapepe. Waombaji wengi hawana anwani wanazozifungua kila siku. Wengine wanatumia ya mjomba, wengine ya mwenye steshenari aliyewajazia fomu, na anwani moja ya steshenari inaweza kuwa na waombaji thelathini. Mkitafuta kwa anwani mtamjibu mtu kwa jambo la jirani yake. Namba ya mtihani ya NECTA ni ya mtu mmoja, ila kila mtu anaiandika atakavyo: S0123/0045/2022, S.0123.0045.2022, s0123-0045 2022. Safu K inazinyoosha zote:

```
=REGEXREPLACE(UPPER(D2),"[^A-Z0-9]","")
```

Zote tatu zinakuwa S012300452022. Fomula haiwezi kuokoa namba iliyopunguzwa sifuri, kama S123/45/2022, hivyo karani ajaze tarakimu nne za kituo na nne za mtahiniwa mwenyewe. Mtahiniwa wa kujitegemea anaanza na P badala ya S. Asidhaniwe amekosea.

Kisha wekeni rangi mbili kwa `Conditional formatting`, upande wa `Custom formula is`. Ya njano inaonyesha ufunguo uliojirudia:

```
=AND($K2<>"",COUNTIF($K:$K,$K2)>1)
```

Nyekundu inaonyesha kilichofikia au kupita siku yake:

```
=AND($C2<>"",$G2<>"Imefungwa",$I2<=TODAY())
```

Kwenye nyekundu kuna faida ambayo haionekani kwa haraka. Karani akisahau kuweka tarehe ya kufuatilia, kisanduku kitupu kinahesabiwa kama sifuri, sifuri ni ndogo kuliko leo, na mstari unawaka. Hakuna jambo linaloweza kukaa bila tarehe na likaonekana salama. Njano, kwa upande wake, haina maana ya kufuta mstari. Mtu mmoja anaweza kuwa na tatizo la malipo na tatizo la jina kwa pamoja. Inawaambia mfungue mistari yote miwili kabla ya kujibu mmoja.

Safu G iwe na hali nne tu, kwa orodha ya kuchagua kutoka `Data validation`: Kwetu, Kwa mwombaji, Idara nyingine, Imefungwa. Mtashawishika kuongeza "Inashughulikiwa". Msiiongeze. Neno hilo halisemi mpira uko kwa nani, na kila jambo lililokwama litakwenda kulala humo. Kwa sababu hiyohiyo, safu J iwe sentensi moja ya kitu kilichofanyika: "Ameombwa kontrol namba na risiti 14/7." Si "anafuatiliwa".

Tuchukue jambo moja la kawaida tulipitishe humo. Ijumaa saa tatu na dakika arobaini usiku unaingia ujumbe wenye kichwa "Hello", ndani umeandikwa: "Nimelipa toka juzi lakini kwenye mfumo inasema sijalipa naomba msaada." Hakuna jina. Anwani ni ya steshenari. Jibu la otomatiki linatoka. Lakini steshenari imefungwa hadi Jumamosi, na mwombaji anayatuma yale mambo matatu Jumapili kwa simu ya kaka yake, kwa anwani nyingine.

Jumatatu asubuhi karani wa zamu ya kupanga anaukuta ujumbe wa Ijumaa. Hawezi kuujibu kwa kiolezo, basi unahitaji mstari. Anachukua U0137, anaandika jina lake, tarehe ya Ijumaa kwenye B, jambo "Malipo", na C anaandika "hajajitaja". Kabla hajaomba taarifa, anatafuta Gmail neno "nimelipa" kwa siku tatu zilizopita:

```
in:inbox nimelipa newer_than:3d
```

Wa Jumapili unatokea, una jina, namba ya mtihani na maneno "nimelipa kama nilivyoandika Ijumaa". Anauchukulia kuwa wa mtu yuleyule kwa sasa, lakini hataji jambo la malipo kwa undani mpaka mwombaji mwenyewe athibitishe. Anajibu kwenye mazungumzo ya Jumapili, yale yenye jina: "Namba ya kumbukumbu ya suala lako ni U0137. Tafadhali tutumie kontrol namba uliyolipia, yote, na picha ya risiti au ujumbe wa malipo. Tuambie pia kama uliwahi kufungua akaunti ya maombi zaidi ya moja. Tukipata hivyo kabla ya Jumatano saa 6 mchana, tutakujibu Alhamisi." Hali inakuwa Kwa mwombaji, tarehe ya kufuatilia Alhamisi.

Swali la akaunti mbili ndilo lenye thamani hapo. "Nimelipa lakini haionekani" mara nyingi si fedha iliyopotea. Mwombaji alijisajili, akapata kontrol namba, akasahau nenosiri, steshenari ikamfungulia akaunti ya pili yenye kontrol namba yake, na yeye akalipia ile ya kwanza. Mfumo hausemi uongo: akaunti anayoitazama kweli haijalipiwa. Mkimwomba risiti peke yake, mhasibu atawajibu "malipo yapo", ninyi mtamjibu mwombaji "malipo yapo", naye ataandika tena "bado inasema sijalipa". Jambo linazunguka hivyo mpaka dirisha linafungwa.

Jumanne anajibu: ndiyo, ana akaunti mbili, na kontrol namba ni hii. Hali inahamia Idara nyingine, mhusika mhasibu. Mhasibu anathibitisha kwamba kontrol namba hiyo imelipwa na ni ya akaunti ya kwanza. Fundi wa mfumo anamrudishia mwombaji akaunti ya kwanza na kuifunga ya pili. Mwombaji anaandikiwa amalizie fomu kwenye akaunti hiyo na kuambiwa tarehe ya mwisho ya kufanya hivyo. Msifunge mstari hapo. Malipo yameonekana, lakini alichotaka ni maombi yake yakamilike. Wekeni tarehe ya kufuatilia siku mbili mbele, mtazame mfumo, mkikuta fomu imetumwa ndipo iwe Imefungwa.

Kumpelekea mhasibu kila ujumbe kivyake ni njia ya uhakika ya kumfanya asijibu wowote. Mpelekeeni orodha moja kwa siku, saa mliyokubaliana, yenye namba ya U, jina na kontrol namba tu. Aijibu palepale kwa "imelipwa" au "haijaonekana". Kwenye jedwali, anayetaka kuona ya mhasibu peke yake atumie `Filter views`, asitumie kichujio cha kawaida. Kichujio cha kawaida kinawafichia mistari wenzake wote walio ndani ya jedwali wakati huo, na hapo karani wa pili atasema "sikuliona" akiwa mkweli. Na kupanga jedwali kufanyike kwa mistari mizima. Aliyechagua safu moja tu akaipanga ameshabadilishia watu namba za simu, na kosa hilo hurudishwa kwa `Version history`, si kwa mkono.

Mwombaji anayesubiriwa asisubiriwe milele. Kumbusho moja baada ya siku 3 za kazi. Akinyamaza, simu au SMS moja kwa namba ya safu E, hasa kama zimebaki siku chache kufunga dirisha. Akinyamaza tena, Imefungwa, na safu J isomeke "hakujibu, amepigiwa tarehe fulani". Akirudi, mstari uleule unafunguliwa.

Turudi kwenye nenosiri. Kulishirikiana kuna ubaya ambao ndio chanzo cha majibu mawili tofauti: hamjui nani kajibu, na ujumbe uliofunguliwa na mmoja unaonekana umesomwa kwa wote, kwa hiyo weusi wa herufi hauwaambii tena kilichobaki. Mwenye akaunti aingie `See all settings`, kisha `Accounts` (kwenye akaunti za bure panaitwa `Accounts and Import`), sehemu ya `Grant access to your account`, awape wenzake ruhusa kwa anwani zao wenyewe. Kila mmoja ataingia kwa nenosiri lake na kukiona kikasha cha udahili. Hapohapo chagueni `Show this address only`, la sivyo mwombaji ataona anwani ya karani na kuanza kumwandikia yeye binafsi, na karani huyo akienda likizo barua zinakwenda naye. Baada ya hapo badilisheni nenosiri la zamani.

Kanuni ya kikasha iwe moja: kilicho kikashani hakijaguswa, kilichoguswa kimeondolewa kwa `Archive` kikiwa na lebo. Mwombaji akijibu, Gmail inakirudisha kikashani yenyewe. Jioni mmoja wenu atafute hivi:

```
in:inbox older_than:2d
```

Kikitokea kitu, huyo ndiye ambaye angekuja getini na mzazi.

Yako mambo matatu yanayopoteza watu bila makarani kuwa na kosa lolote. La kwanza ni `Spam`. Ujumbe wenye kichwa kitupu na viambatisho vitano vya picha hupenda kuangukia humo, na baada ya siku 30 Gmail hufuta. Tazameni humo kila asubuhi, kwa zamu inayojulikana. La pili ni nafasi. Akaunti ya bure ina GB 15 kwa jumla, zikiwemo za Drive na Photos. Jumbe elfu tatu zenye viambatisho vya MB 5 zinaijaza, na ikijaa ujumbe mpya haupokelewi kabisa, unarudi kwa mwombaji. Angalieni kiasi kilichobaki kabla ya dirisha kufunguliwa. Cheti kipakiwe kwenye mfumo wa maombi, kije kwa baruapepe pale tu mlipokiomba.

La tatu ni fomu ya "Wasiliana nasi" kwenye tovuti ya chuo, kama ipo. Mara nyingi hutuma kila swali kwenu kutoka anwani moja, kwa kichwa kimoja. Gmail inaona mtumaji ni yuleyule na kichwa ni kilekile, na inaweza kuwabandika watu arobaini katika mazungumzo mamoja. Karani anajibu wa juu, anafanya `Archive`, na thelathini na tisa wanaondoka pamoja naye. Mbaya zaidi, jibu la otomatiki linakwenda kwenye anwani ya tovuti, si kwa mwombaji. Mwambieni fundi wa tovuti aingize jina na namba ya mtihani kwenye kichwa cha ujumbe, na aweke anwani ya mwombaji kwenye `Reply-To`. Mkiona namba kubwa pembeni ya mtumaji mmoja kikashani, mmekwisha kupatwa.

Kuhusu siri: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na jedwali lenu lina majina, simu na namba za mitihani. Lishirikisheni kwa anwani za watu waliotajwa, si kwa `Anyone with the link`. Matokeo ya mtihani, ugonjwa, habari za mzazi aliyefariki, visiandikwe kwenye safu J. "Ameleta sababu ya kuchelewa, iko kwa msajili" inatosha.

Siku dirisha linapofungwa, badilisheni maneno ya jibu la otomatiki saa ileile. Ukiyahariri, Gmail humtumia maneno mapya hata mtu aliyejibiwa jana akiandika tena, ule ukimya wa siku nne haumzuii. Maneno mapya yaseme dirisha limefungwa lini, kwamba walioandika kabla ya muda huo bado wanashughulikiwa, na tarehe ya awamu inayofuata kama imeshatangazwa. Kama haijatangazwa, semeni hivyo na kuwaelekeza mahali itakapotangazwa, maana swali hilo ndilo litakalojaza kikasha wiki inayofuata.